Somo la 6: Mtoto Anapomkataa Mzazi wa Kambo

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 35:16–20, Mwanzo 37:1–11, Mwanzo 48:7, Waamuzi 11:1–7, Luka 2:41–52, Wakolosai 3:18–21.

Fungu la kukariri: Wakolosai 3:21.

Tuiwaze nyumba moja pale Isansa, wilayani Mbozi. Baba ni mkulima wa kahawa na mahindi. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, akamwachia binti ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na mvulana wa miaka sita. Mwaka huu baba ameoa tena. Mke mpya ni mwanamke mpole, mshiriki mwaminifu, naye amekuja na mtoto wake wa miaka miwili. Siku ya harusi washiriki walimshika binti mkono, mmoja baada ya mwingine, wakamwambia, "Hongera, sasa umepata mama." Walisema kwa nia njema. Binti hakumjibu hata mmoja.

Miezi mitatu imepita. Binti humsalimia mama wa kambo akiwa amegeuza uso. Chakula alichopika yeye hakili mpaka baba awe ameketi mezani. Akitumwa, hujifanya hajasikia. Mama wa kambo amevumilia, kisha amekemea, na juma lililopita alishika fimbo. Binti akapiga kelele, "Wewe si mama yangu!" Baba akatoka chumbani na kusema, "Mwache mtoto." Usiku ule wanandoa hawakusemezana.

Juma hili tutakaa katika nyumba hii. Tutauliza kwa nini binti anakataa, nani amrudi na kwa namna gani, na wanandoa wafanye nini baba anapokuwa safarini.

JUMAPILI

Kaburi Lililoko Njiani

Soma Mwanzo 35:16–20, kisha Mwanzo 48:7. Yakobo alifanya nini Raheli alipofariki? Miaka mingi baadaye, akiwa mzee kitandani, bado alikuwa anazungumzia nini?

Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la mkewe. Alipokuwa karibu kufa huko Misri, akiongea na Yusufu, alirudi tena kwenye njia ile ya Efrathi na kusimulia jinsi alivyomzika mama yake pale. Nyumba yake ilikuwa na wake wengine na watoto wengi, lakini jina la Raheli halikuzikwa pamoja naye.

Watu wazima mara nyingi husahau jambo hili. Kwa mume, ndoa mpya ndiyo mwisho wa upweke. Kwa mtoto, ndoa hiyo hiyo ndiyo uthibitisho kwamba mama harudi. Siku baba anapoanza kufurahi tena, binti anaweza kuanza kuomboleza upya. Ndani yake kuna hesabu ambayo hawezi kuieleza kwa maneno: nikimpenda huyu, nimemwacha mama. Kwa hiyo mama wa kambo akiwa mkali, binti hupata sababu ya kumkataa. Na akiwa mwema sana, binti huogopa zaidi, maana mtu mwema ni vigumu kumchukia. Wanawake wengi wamelia kwa sababu hii. Wamenunua nguo, wamepika wali, na mtoto amezidi kununa.

Katika nyumba yetu kulikuwa na jambo jingine ambalo baba hakuliona. Kwa miaka miwili binti ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikuwa anajua unga umebaki debe ngapi, alikuwa anamwamsha mdogo wake kwenda shule, na funguo za stoo zilikaa shingoni mwake kwa kamba. Juma la kwanza baada ya harusi baba alizichukua na kumpa mkewe. Alidhani anampunguzia mtoto mzigo. Ni kweli ulikuwa mzigo, lakini pia ulikuwa cheo, na cheo hicho kilichukuliwa bila neno la shukrani.

Tafakari: Kama kuna nyumba ya namna hii unayoifahamu, mtoto alipoteza nini siku mzazi mpya alipoingia, mbali na yule mzazi aliyeondoka?

JUMATATU

Kile Baba Asichoweza Kukikabidhi

Soma Mwanzo 37:1–11. Ni makosa gani ya baba mzazi yaliyochochea chuki kati ya watoto wa mama mbalimbali?

Yakobo alikuwa na watoto wa mama wanne katika boma moja. Biblia haisemi kwamba Lea au Bilha ndio waliovunja amani ile. Inaonyesha kanzu ambayo baba aliitoa, na chuki ya ndugu inafuata katika fungu linalofuatia. Katika familia ya namna hii, mzazi wa damu ndiye aliye katikati. Yeye peke yake ana kamba inayofika kila upande.

Kwa sababu hiyo, katika mwaka wa kwanza, na mara nyingi hata wa pili, kurudi mtoto ni kazi ya mzazi wa damu. Kanuni hii huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kusema kwamba mama ni mama na mtoto hana budi kumtii. Lakini fikiri jinsi adhabu inavyofanya kazi. Mtoto hukubali kurudiwa na mama aliyemzaa kwa sababu nyuma ya kemeo lile kuna miaka ya kubebwa mgongoni na kuuguzwa usiku. Mzazi wa kambo hana akiba hiyo. Anapoadhibu, mtoto haoni kosa lake. Anaona mgeni anampiga katika nyumba ya mama yake.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Mavis Hetherington wa Chuo Kikuu cha Virginia, alizifuatilia familia zilizovunjika na kuundwa upya kwa miaka mingi. Aliona kwamba wazazi wa kambo walioanza kwa kushika hatamu za nidhamu mapema walikataliwa zaidi. Waliokwenda vizuri ni wale waliojenga urafiki kwanza na kusimama nyuma ya mzazi wa damu. Aliona pia kwamba umri mgumu zaidi ni ule wa kuanza kubalehe. Binti yetu wa miaka kumi na miwili yuko hapo hapo.

Hata hivyo, baba wa Isansa alikuwa akifanya kosa la upande wa pili. Alimhurumia binti yatima, akaacha kumrudi kabisa. Mkewe alipoona baba amelegea, akakaza. Baba alipoona mke amekaza, akalegea zaidi ili kumlinda mtoto. Kila mmoja alidhani anasawazisha kosa la mwenzake, na binti akajifunza kwamba akilia, nyumba hugawanyika. Dawa haikuwa kumwambia mama apunguze ukali. Baba alipaswa kuinuka kwanza na kufanya kazi yake. Mke akiona mumewe anakemea utovu wa adabu bila kusukumwa, mkono wake wenyewe hulegea.

JUMANNE

"Baba Yako na Mimi"

Soma Luka 2:41–52. Ni nani aliyesema na Yesu hekaluni, na alimtajaje Yusufu?

Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili. Yusufu hakuwa baba yake kwa damu, ila alimlea. Walipompata hekaluni baada ya kumtafuta siku tatu, Mariamu ndiye aliyeuliza swali gumu, na alipouliza alimtaja Yusufu kuwa baba yake, akasema wote wawili walikuwa wamemtafuta kwa huzuni. Luka hakuandika habari hii ili kufundisha malezi ya kambo, nasi tusiilazimishe. Lakini tunaona jambo linalofaa: mzazi wa damu anasema, na anaposema anamweka mwenzake kando yake. Nao wakashuka pamoja mpaka Nazareti, Yesu akiwatii wote wawili.

Sasa tuje kwenye shida ya kweli ya Isansa. Msimu wa mahindi baba huenda Tunduma kuuza, na anaweza kulala huko siku mbili au tatu. Atarudije mtoto akiwa mpakani? Hapa mama wa kambo hawezi kukaa bila sauti kabisa.

Wanandoa hawa, kwa ushauri wa mzee wa kanisa, walifanya hivi. Jumamosi jioni, jua lilipokwisha kuzama na watoto wamelala, waliketi wawili na kuandika kanuni za nyumba. Walizifanya nne tu: maji yachotwe kabla ya giza, kazi za shule kabla ya kucheza, hakuna kutoka baada ya giza bila ruhusa, hakuna kutukanana, na kanuni hii iliwahusu watu wazima pia. Walibishana juu ya ile ya kutoka usiku, na walibishana wakiwa peke yao. Kesho yake baba ndiye aliyewasomea watoto. Mkewe aliketi kando yake, hakusema neno. Kisha baba akaongeza, "Nikisafiri, yeye ndiye mwenye zamu. Akiwakumbusha kanuni hizi, ni mimi ninayewakumbusha. Nikirudi nitauliza."

Maneno hayo yanampa mama wa kambo mamlaka ya kuazima, kama mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu hatungi sheria za shule na hafukuzi mwanafunzi. Husimamia yaliyokwisha kuwekwa, huzuia hatari, na huandika taarifa kwa mwalimu mkuu.

Siku ya Jumatano jaribu likaja. Baba yuko Tunduma, jua linazama, ndoo ziko tupu. Binti anaambiwa, naye anajibu lile lile: "Wewe si mama yangu." Mama wa kambo alikuwa amejiandaa. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Ni kweli, mimi si mama yako, wala sitachukua nafasi yake. Lakini baba yako amesema maji yachotwe kabla ya giza. Yasipochotwa nitamweleza." Hakurudia, hakufuata nyuma, hakutaja fimbo. Giza likaingia na maji hayakuchotwa. Akaenda kuazima ndoo moja kwa jirani, wakapika.

Alhamisi jioni baba alirudi. Alimsikiliza mkewe kwanza, chumbani, mlango umefungwa. Kisha akamwita binti peke yake na kumwuliza ilivyokuwa. Binti hakukana. Baba alisema, "Kesho na kesho kutwa asubuhi utachota zamu yako na ya mdogo wako. Na neno ulilosema, sikulazimishi kumpenda. Nakulazimisha kumheshimu, kama unavyomheshimu mwalimu wako." Kosa lilihusu maji, na adhabu ikahusu maji. Hakukuwa na kipigo, hakukuwa na kunyimwa chakula, na hakukuwa na hotuba juu ya mema ambayo mama wa kambo amemtendea.

Angalia mahali ambapo mpango huu ungeweza kuharibika. Kama baba angesahau kuuliza aliporudi, mamlaka yote ya mkewe yangekwisha siku ile. Kama angemhoji mke mbele ya mtoto, ingekuwa kesi, na binti angekuwa shahidi wa upande mmoja. Na kama mama wa kambo angeongeza chumvi katika taarifa yake, binti angelijua, na asingesamehe upesi.

JUMATANO

Njia ya Mama wa Kambo

Je, basi mama wa kambo akae tu akisubiri? Hapana. Kazi yake katika miezi hii ni ya polepole, nayo ni kujenga ile akiba tuliyoitaja Jumatatu.

Hujengwa katika mambo madogo ambayo mtoto mwenyewe anayapenda, yakifanywa wakiwa wawili. Familia nzima ikiketi pamoja, binti hukumbuka aliyepungua. Wakiwa wawili kwenye shughuli moja, macho yakiwa kwenye kazi, maneno huja yenyewe. Binti wa Isansa alikuwa katika chama cha Watafuta Njia na skafu yake ilikuwa imechanika. Mama wa kambo hakuichukua na kuishona kwa siri ili kumshangaza. Aliuliza, "Nikushonee, au nikupe sindano?" Binti akasema apewe sindano. Akapewa. Juma la pili alikuja mwenyewe kuuliza jinsi ya kukunja pindo.

Kuna vitu ambavyo mama wa kambo hakuvigusa: kanga za marehemu, picha yake ukutani, na nywele za binti. Kusukwa nywele ilikuwa saa yake na mama yake. Mwanamke mwenye hekima hungoja kualikwa mahali kama hapo, hata ikichukua mwaka.

Vipi kuhusu jina? Tusimlazimishe mtoto kusema "mama." Katika nyumba hii walikubaliana amwite kwa jina la mtoto wake mdogo, Mama Fulani, kama majirani wanavyomwita, pamoja na shikamoo kila asubuhi. Shikamoo haikujadiliwa, kwa kuwa ni adabu ambayo mtoto humpa kila mtu mzima. Mvulana wa miaka sita alianza kusema "mama" mwezi wa pili. Dada yake akamzaba kofi. Baba alimrudi kwa kofi lile, na kumwacha kila mmoja na neno lake.

Ikiwa anayeingia ni baba wa kambo, kanuni ni ile ile, ingawa huwa ngumu zaidi kuishika. Jamii humwambia mwanamume kwamba siku anapoingia ndiye kichwa, na aonekane. Mjane naye, aliyechoka kubeba nyumba peke yake, hufurahi kumkabidhi mwenzake fimbo. Asimkabidhi. Aendelee kuwa yeye anayesema na watoto wake, na mume asimame kando yake.

ALHAMISI

Sauti za Nje, na Hofu ya Shamba

Soma Waamuzi 11:1–7. Ndugu zake Yeftha walimfukuza kwa sababu gani hasa?

Walitaja mama yake, lakini walichogombea ni urithi. Hata leo, mtoto wa kwanza husikia watu wakinong'ona: "Huyo mwanamke atazaa, na kahawa ya mama yenu itakwenda kwa wanawe." Mara nyingine ukaidi wa mtoto ni hofu aliyoipandikizwa na mashangazi au na bibi mzaa mama. Si mama wa kambo anayeweza kuitibu. Baba wa Isansa alikwenda mwenyewe kwa bibi, akaketi, akampa taarifa za wajukuu, akasema mbele yake ni miti ipi ya kahawa ambayo mke wa kwanza aliipanda, na kwamba itabaki kwa watoto wake. Kisha akaomba jambo moja: bibi amwambie mjukuu kwamba kumheshimu mama wa kambo si kumsaliti mama yake. Mtoto hupokea ruhusa hiyo kutoka kinywa cha bibi kuliko kutoka kinywa cha baba aliyeoa. Bibi hakukubali siku ile. Alikubali baada ya kutembelewa mara ya tatu, akiletewa wajukuu.

Siku chache baada ya hapo baba alikwenda shambani na binti kuchuma kahawa, wawili tu. Ndipo habari ya funguo za stoo ilipotoka. Jioni ile baba alimshukuru mbele ya wote kwa miaka miwili aliyoishika nyumba. Funguo zilibaki kwa mama wa kambo, lakini kuku wote, na fedha za mayai za kununulia daftari, zikawa chini ya binti.

IJUMAA

Jifunze zaidi: Tupime muda kwa haki. Patricia Papernow, mshauri wa familia aliyeandika sana juu ya nyumba za kambo, huhesabu kwamba hata familia zinazokwenda haraka huhitaji kama miaka minne kutulia, na nyingi huhitaji zaidi. Miaka miwili ya kwanza ndiyo migumu. Kwa hiyo miezi mitatu ya kununa si dalili kwamba ndoa ilikuwa kosa. Dalili za kutazama ni ndogo: je, mtoto sasa anaomba kitu moja kwa moja kwa mzazi wa kambo, badala ya kupitia kwa baba? Je, anakula hata kama baba hayupo? Katika nyumba yetu, mwezi wa tisa, binti alimwuliza mama wa kambo kama atakuja kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Kesho yake alinuna tena siku nzima.

Lakini si kila ukataaji ni huzuni au wivu. Mtoto akianza ghafla kukojoa kitandani, akiogopa kubaki peke yake na mzazi wa kambo au na ndugu wa kambo, akiwa na alama mwilini asizoweza kuzieleza, au akitoroka nyumbani, hapo swali la nidhamu lisimame kwanza. Mzazi wa damu amsikilize mtoto bila kumtetea mwenzi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, na inasema adhabu yoyote isiyolingana na umri na hali yake haina uhalali. Afisa ustawi wa jamii yupo wilayani, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya 116 hupokea taarifa za watoto. Mzee wa kanisa akisikia habari kama hizo asizimalize kwa maombi na suluhu ya kikao.

Maswali ya kujadili:

1. Katika darasa lenu, zungumzeni juu ya yale tunayowaambia watoto siku mzazi wao anapooa au kuolewa tena. Ni maneno gani yangemfaa binti yule kuliko "sasa umepata mama"?

2. Baba fulani hukaa migodini au safarini miezi miwili kwa wakati mmoja. Mpango wa "mwenye zamu" ungehitaji kubadilishwaje? Simu ingesaidia nini, na isingeweza nini?

3. Mama wa kambo anasema, "Mtoto wangu namrudi, wa mume wangu simgusi. Majirani wanaona ninabagua." Wanandoa hawa wafanye nini ili kanuni ziwe moja kwa watoto wote, hata kama anayerudi si yule yule?

4. Rudi kwenye Luka 2:48. Mzazi wa damu atamtajaje mwenzake mbele ya mtoto, siku ambayo wao wawili hawajapatana juu ya adhabu?